Sekunde ngapi ni mauzo? Matangazo ya simu kwa biashara inayouza kwa mdomo

(Hotuba kwa wenye kampuni ndogo za kusafirisha mizigo kutoka Uingereza kwenda Afrika Mashariki. Maandishi haya yamefuata yaliyosemwa ukumbini, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Mwenyekiti, waandaaji, ndugu zangu wafanyabiashara, itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie matangazo ya Google. Mada hiyo ni pana mno, na mchana huu wengi wenu mna magari ya kupakia. Kwa hiyo nitashika kisanduku kimoja tu kilicho ndani ya akaunti yako, kile kinachokuuliza simu idumu sekunde ngapi ndipo ihesabiwe kuwa imezaa matunda. Anayeuza viatu mtandaoni anaweza kumaliza maisha yake bila kukigusa. Kwenu ninyi mnaochukua mapipa na maboksi mlangoni kwa mteja na kuyafikisha Mombasa au Dar es Salaam, kisanduku hicho ndicho kinachoiambia Google ikutafutie mtu wa aina gani.

Tuanze na mteja wenyewe, maana mnamjua kuliko mimi. Ni mama aliyejaza pipa lake taratibu kwa miezi: nguo, sabuni, viatu vya watoto wa dada yake. Siku pipa limejaa, hajazi fomu ya mtandao wala hatumi barua pepe. Anashika simu, anatafuta, anapiga. Anataka kusikia sauti ya mtu amuulize bei, amuulize meli inaondoka lini, amuulize ushuru analipa nani kule bandarini. Akiridhika anatoa anwani na siku ya kuchukuliwa mzigo. Biashara imekwisha hapo hapo kwenye simu.

Kwa mteja wa namna hiyo Google ilileta mwaka 2015 kampeni za simu tu. Tangazo lenyewe linaonekana kwenye vifaa vinavyoweza kupiga simu pekee, na mtu akiligusa hapelekwi kwenye tovuti. Simu yake inafungua sehemu ya kupigia ikiwa na namba tayari, kazi yake imebaki kubonyeza kitufe cha kijani. Zingatieni hatua hiyo ya pili. Unalipia mguso wa kwanza, hata kama mtu akiona namba akabadili mawazo. Ndiyo maana idadi ya mibofyo uliyolipia na idadi ya simu zilizoingia hazilingani, na anayekuletea ripoti ya mibofyo peke yake amekuonyesha ulichotumia, hajakuonyesha ulichopata.

Ili Google ijue simu ilidumu muda gani, lazima ipite mikononi mwake. Ukiwasha ripoti ya simu, tangazo linaonyesha namba ya Google badala ya yako. Mteja anapiga namba ile, Google inaielekeza kwako, na huku inaandika saa simu ilipoanza, ilipokelewa au haikupokelewa, imedumu sekunde ngapi, na imetoka kwenye kampeni ipi. Haisikilizi mnachozungumza ili kujua kama mmeuza. Kwa hiyo inatumia muda kama dalili: simu ikivuka kizingiti ulichoweka, inahesabiwa kuwa konvesheni. Isipovuka, haihesabiwi. Usipoweka chochote, kizingiti ni sekunde 60.

Hizo sekunde 60 zimewekwa kwa dunia nzima, na ni nadra zikaifaa kampuni yako kama zilivyo. Nieleze sababu.

Saa ya Google inaanza kuhesabu pale simu inapopokelewa. Swali ni kwamba imepokelewa na nani, na jibu ni kwamba Google haijali. Akipokea binti wa mapokezi, imepokelewa. Ikipokea mashine inayosema “karibu katika kampuni yetu, kwa mizigo ya Kenya bonyeza moja, kwa Tanzania bonyeza mbili, simu yako ni muhimu sana kwetu”, nayo imepokelewa. Muziki wa kusubiri unaingia kwenye hesabu. Ujumbe wa kuacha sauti unaingia kwenye hesabu. Chukua kampuni yenye salamu ya mashine ya sekunde 35 na foleni ya nusu dakika. Mteja amesubiri, amechoka, amekata kwenye sekunde ya 65 bila kuongea na binadamu yeyote, na kwenye akaunti anaonekana kama mafanikio. Google inaona imekupata mtu mzuri, inakwenda kukutafutia wengine kama yeye.

Kugundua ugonjwa huu hakuhitaji mtaalamu. Fungua ripoti ya maelezo ya simu ndani ya akaunti, ipakue, ipange kwa sekunde kuanzia fupi hadi ndefu. Simu za watu wanaoongea husambaa: moja sekunde 48, nyingine 131, nyingine 204. Ukikuta rundo la simu limejibanza mahali pamoja, tuseme kati ya 60 na 75, simama hapo. Piga namba yako mwenyewe ukiwa na saa mkononi. Mara nyingi utakuta rundo hilo limekaa palepale salamu yako ya mashine inapoishia na uvumilivu wa watu unapokwisha.

Halafu kuna sisi wenyewe. Miongozo mingi ya matangazo imeandikwa kwa mteja anayeanza na “bei gani?” kabla hujamaliza kutaja jina la kampuni. Mteja wenu anaanza na habari za asubuhi. Anaulizia kazi, anaulizia baridi, akisikia lafudhi ya pwani anauliza nyumbani ni wapi, na kumbe mama yake naye ni wa Malindi. Nusu dakika imepita na pipa halijatajwa. Sisemi mfupishe salamu, maana salamu hizo ndizo zinazowauzia. Nasema zihesabuni. Kama nusu ya wateja wako ni Waswahili na nusu ni Waingereza wanaotuma mizigo ya shule walizozifadhili, mazungumzo ya urefu uleule hayana uzito uleule.

Kwa hiyo kizingiti unakipataje? Unakipima, na unakipima kuanzia kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika. Chukua daftari la mapokezi la mwezi mmoja, ambalo kila oda imeandikwa saa iliyoingia. Liweke kando ya ripoti ya simu. Tafuta kila oda ilitoka kwenye simu ipi na simu ile ilidumu muda gani. Kazi hii inachosha, inakula jioni nzima, na hakuna njia ya mkato, lakini ukishaifanya mara moja unajua jambo ambalo wakala wako wa matangazo halijui.

Nitawafanyia mfano. Nimeupanga mwenyewe kwa tarakimu za mviringo ili muufuate bila kalamu.

Kampuni imetumia pauni 600 kwa mwezi. Imepata mibofyo 150, kila mmoja pauni 4, na mibofyo hiyo ikaleta simu 100. Simu 12 hazikupokelewa. Simu 22 zilikatika kabla ya sekunde 30, hazikuleta oda hata moja. Simu 16 zilikuwa kati ya sekunde 30 na 60, zikaleta oda moja. Simu 20 zilikuwa kati ya sekunde 60 na 120, oda mbili. Simu 17 zilidumu kati ya dakika mbili na nne, oda tisa. Na simu 13 zilipita dakika nne, oda sita. Jumla oda 18.

Kizingiti kikiwa sekunde 60, akaunti inaonyesha konvesheni 50, kila moja pauni 12. Ripoti inapendeza. Lakini ndani ya hizo 50, oda ni 17, yaani moja katika kila tatu hivi. Ukipandisha hadi sekunde 120, konvesheni zinashuka hadi 30, kila moja inagharimu pauni 20, na ndani yake mna oda 15. Sasa kila simu mbili zinazohesabiwa, moja ni mauzo. Umezikosa oda tatu tu kati ya 18. Ukijaribu kupanda zaidi, ukafika sekunde 240, unabaki na konvesheni 13 zenye oda sita. Uwiano haujawa bora, umeshuka kidogo, na oda 12 zimetoka nje ya hesabu. Kwa kampuni hii mahali pa kusimama ni karibu na sekunde 120.

Mtu ataniuliza vipi zile oda tatu zilizoachwa. Itazameni ile ya chini ya sekunde 60. Nani anaweza kuagiza kwa sekunde 50? Mteja mpya hawezi. Kutaja jina, posta kodi, namba ya nyumba, idadi ya mapipa, jina la mpokeaji kule na siku ya kuchukua, peke yake kunakula zaidi ya hapo. Anayeweza ni mteja wa zamani ambaye anwani yake mnayo: “Ni mimi mama Zuhura, nina mapipa mawili, njooni Jumamosi.” Huyo alikuwa ananunua kwenu hata bila tangazo. Alitafuta jina lenu Google kwa sababu ni rahisi kuliko kupekua namba kwenye simu. Kutomhesabu hakuniumizi hata kidogo, maana fedha ya tangazo sikuitoa kwa ajili yake.

Kuna jambo linalofuata hapo ambalo watu wengi hulisahau, na linawagharimu. Wengi mnatumia zabuni za kiotomatiki, yaani mmeiachia Google ipange bei mnayojitolea kulipa kwa kila mbofyo: mmeiambia, niletee konvesheni kwa gharama fulani. Tuseme ulikuwa umeweka lengo la pauni 12. Leo unapandisha kizingiti kutoka 60 hadi 120. Biashara haijabadilika, wateja ni walewale, fedha ni ileile. Kilichobadilika ni maana ya kuhesabiwa, na kwa maana mpya gharama ya kawaida ni pauni 20. Ukiliacha lengo kwenye 12, mashine inajiona inatumia kupita kiasi, inaanza kushusha zabuni. Ndani ya wiki chache unaona tangazo linaonekana mara chache, bajeti ya siku haiishi, simu zimepungua. Halafu unamlaumu aliyekushauri kupandisha kizingiti.

Dawa ni kubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Weka lengo jipya kwenye gharama halisi ya hesabu mpya, pauni 20 au juu kidogo, kisha subiri. Mabadiliko ya kizingiti hayarudi nyuma. Simu za mwezi uliopita zimeshahesabiwa kwa sheria ya zamani na zitabaki hivyo, kwa hiyo usilinganishe Machi na Aprili ukaanza kupiga kelele kwamba konvesheni zimeporomoka. Linganisha oda za kwenye daftari.

Na lengo liende juu mpaka wapi? Hapa ndipo uwiano ule unapokuwa na faida. Kama kila oda inakuachia faida ya pauni 60 kabla ya gharama ya tangazo, na simu mbili zinazohesabiwa zinazaa oda moja, basi simu moja inayohesabiwa ina thamani ya pauni 30. Ukilipa 30 umetoka patupu. Ukilipa 20 umebakiwa na kitu. Kampuni isiyojua uwiano wake inaweka lengo kwa kubahatisha, au kwa kusikia jirani ameweka ngapi.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona ni kubwa kuliko yote, nalo ni simu ndefu zisizo na mauzo. Tumezoea kuwaza kwamba simu fupi ni mbaya na ndefu ni nzuri. Rudini kwenye zile simu 13 zilizopita dakika nne. Oda zilikuwa sita. Saba zilizobaki walikuwa akina nani? Mnaowajua: “Mzigo wangu uko wapi?” Kontena limekwama bandarini, mtu ameahidiwa wiki sita na sasa ni ya tisa, amepiga kwa hasira, binti wa mapokezi anamtuliza, anamuweka kwenye kusubiri, anampigia wakala wa Mombasa, anarudi. Dakika kumi na moja. Kwa Google huyo ni mteja wa dhahabu. Kibaya zaidi, wengine hawakutuma mzigo kwenu kabisa. Walituma kwa kampuni nyingine isiyopokea simu, wakaandika `track cargo to mombasa`, wakagusa tangazo la kwanza, likawa lenu. Mmelipa pauni 4 kumsikiliza mtu akiilalamikia kampuni ya mwenzenu.

Hakuna kizingiti kitakachomzuia huyu. Ukikipandisha, ndiye wa mwisho kutoka. Anazuiwa mlangoni, kwa maneno ya kuzuia kwenye kampeni: `track`, `tracking`, `where is my`, `complaint`, na majina ya kampuni nyingine zinazojitokeza kwenye ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Ongezeni `job` na `vacancy`, maana wanaotafuta kazi ya udereva nao huongea kwa muda mrefu na kwa adabu sana. Wateja wenu wa zamani wapeni namba tofauti ya kufuatilia mizigo, iandikwe kwenye risiti na kwenye stika ya pipa, ili wasirudi kupitia tangazo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na mpaka wa kizingiti chenyewe, maana sitaki mtoke hapa mkidhani sekunde 120 ni dawa ya kila kitu.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme zile pauni 600 ziligawanywa kwenye makundi mawili ya maneno. La kwanza ni la watu walioandika `barrel shipping to kenya`, limetumia pauni 400. La pili ni la `cheap cargo to kenya`, limetumia 200. Kwa kizingiti cha sekunde 60 kila kundi limeleta konvesheni 25. Basi la kwanza linagharimu pauni 16 kwa konvesheni na la pili pauni 8. Mashine inahamishia fedha kwenye la pili, nusu ya bei! Kwa kizingiti cha 120, la kwanza lina 20 na la pili lina 10, yote mawili pauni 20. Yamelingana. Sasa fungua daftari: la kwanza limeleta oda 14, la pili oda nne. Kwa oda, la kwanza ni karibu pauni 29 na la pili ni pauni 50.

Mmeona kilichotokea. Kwenye 60 ripoti ilikuelekeza kinyume kabisa na ukweli. Kwenye 120 iliacha kukupotosha lakini haikukuonyesha tofauti. Mtafuta rahisi anaongea dakika mbili na nusu kama mwenzake, anauliza bei ya pipa, ya boksi, ya televisheni, anaomba punguzo, anasema atapiga tena. Muda wake kwenye simu ni sawa na wa mnunuzi. Hakuna idadi ya sekunde itakayowatenganisha hawa wawili.

Kinachowatenganisha ni kuirudishia Google mauzo yenyewe. Kuna njia ya kuingiza faili la oda zilizotokana na simu. Unahitaji namba ya mpigaji, saa aliyopiga, na thamani ya oda. Vichwa vya safu vinaandikwa hivi, kwa Kiingereza na bila kubadilisha herufi, na chini yake mstari wa mfano:

```
Caller's Phone Number,Call Start Time,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
+447700900123,2025-03-08 10:42:15+0000,Oda ya simu,2025-03-08 10:47:00+0000,60,GBP
```

Jina la konvesheni lilingane na lile ulilolifungua ndani ya akaunti. Namba ya mpigaji ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, siyo sifuri. Wanaopiga kwa namba iliyofichwa hawatalinganishwa, waache. Google inaitafuta simu ile kwenye kumbukumbu zake, ikiipata inajua ni kampeni ipi na maneno gani yaliyoleta oda ya kweli. Namba na saa zote mbili mnazo kwenye mfumo wenu wa simu. Linalokosekana kwa kawaida ni mtu wa mapokezi kuandika namba ya mpigaji kando ya oda, hata kwa kalamu.

Je, ukishaanza kuingiza oda, kizingiti ukitupe? Kwa kampuni ya oda 18 kwa mwezi, mimi nisingekitupa bado. Zabuni za kiotomatiki hujifunza kutokana na wingi, na watu wa kazi hii hupenda kuona angalau konvesheni 30 hivi kwa mwezi kabla ya kuziamini. Oda 18 ni chache, simu 30 za sekunde 120 zinatosha. Basi acha simu ya sekunde 120 iwe konvesheni ya msingi inayoongoza zabuni, na oda ziwe za pili, za kutazamwa tu. Wewe mwenyewe ndiye utakayezitazama, na utapunguza bajeti ya kundi la `cheap` kwa mkono wako. Oda zikifika 30 na kuendelea, geuza: oda ziongoze, sekunde zitazamwe. Usiziache zote mbili ziongoze kwa pamoja, maana oda moja itahesabiwa mara mbili, kama simu ndefu na kama oda.

Asanteni. Tuna nafasi ya maswali mawili.

Dada mmoja kutoka safu ya nyuma ameuliza kwa nini simu zimeongezeka kwenye akaunti tangu abadilishe mtu wa mapokezi, ilhali mapipa hayajaongezeka. Dada yangu, umelijibu mwenyewe. Mtu mpya anaongea zaidi, au bado hajazijua bei na anawaweka watu kwenye kusubiri huku akiuliza. Wale waliokuwa wanaishia sekunde 100 sasa wanafika 130. Kizingiti ni kipimo cha mteja na mpokeaji kwa pamoja, kwa hiyo ukibadilisha mpokeaji, ukibadilisha salamu ya mashine, au ukianza kutoza malipo ya awali kwa kadi kwenye simu, pima upya. Malipo ya kadi peke yake yanaongeza dakika nzima kwenye kila simu ya mauzo, na hapo kizingiti kinaweza kupanda bila kupoteza oda.

Na mzee wetu hapa mbele amesema amesikia kampeni hizi zinafutwa, na pia analalamika kwamba wateja wanamwambia namba yake haipo WhatsApp. Nianze na la WhatsApp kwa kuwa ni fupi. Namba waliyoihifadhi ni ile ya Google iliyokuwa kwenye tangazo, na hiyo haijasajiliwa WhatsApp. Mwambie mtu wa mapokezi kila simu ikiisha amtumie mteja ujumbe kutoka namba yenu halisi, wenye bei mliyokubaliana. Mteja ataihifadhi hiyo. Simu anayopiga kwa WhatsApp haimo kwenye hesabu ya Google kwa namna yoyote, na oda ikiingilia huko, iandikwe kwenye daftari kwa jina lake.

La kufutwa ni kweli. Google imetangaza kwamba kuanzia Februari 2026 haiwezekani kuunda tangazo jipya la simu tu, na yaliyopo yataacha kuonyeshwa Februari 2027. Mahali pake ni tangazo la kawaida la utafutaji lililobandikwa namba ya simu. Namba ile bado inapita kwenye namba ya Google na bado ina kizingiti, kwa hiyo kipimo chako cha sekunde 120 unahama nacho. Kilichoongezeka ni kwamba mtu anaweza sasa kugusa kichwa cha tangazo akaingia kwenye tovuti, na kupiga kutoka huko. Hiyo ni konvesheni ya aina nyingine. Inahitaji msimbo wa Google uwekwe kwenye tovuti ili namba ibadilike pale inapoonyeshwa, na ina kisanduku chake cha sekunde, ambacho nacho kinaanzia 60 usipokigusa. Wengi watakaohama watakumbuka kisanduku cha kwanza na kukiacha cha pili, halafu watajiuliza kwa nini simu za tovuti zinaonekana rahisi kuliko za tangazo. Mzee, ukihama, weka 120 kwenye vyote viwili siku hiyo hiyo, kisha baada ya mwezi kaa tena na daftari, kwa sababu aliyesoma tovuti kwanza anapiga akiwa ameshajua bei, na oda yake inaweza kukamilika kwa muda mfupi zaidi.